Simu inasema mzigo umefika, mteja anasema hajaona kitu: unamjibuje?

Nauza kanga na vitenge mtandaoni huku Marekani, nipo Ohio, wateja wangu wengi ni Waswahili wenzangu waliotawanyika Texas, Minnesota, Georgia na kwingineko, oda zinakuja kwa WhatsApp, hela inaingia PayPal, mzigo unatoka kwa posta, yaani USPS. Na kuna meseji moja ambayo kila muuzaji wa aina yangu anaijua, mara nyingi inakuja usiku, "dada mbona imeandikwa umefika na mi sijapata kitu?" Leo nataka niongelee jibu la hiyo meseji tu, maneno gani unaandika, kwa mpangilio gani, na unaangalia nini kabla hujaandika, kwa sababu nimeshuhudia wauzaji wazuri kabisa wakipoteza wateja wa muda mrefu kwa jibu la mistari miwili.

Kuna majibu mawili ambayo wengi wanayarukia. La kwanza ni kupiga picha skrini ya kutraki na kumtumia mteja na maneno kama "kwangu inaonyesha umefika tarehe fulani". Sasa mteja hilo analijua, ndo maana amekuandikia, ameshaona hilo neno na linamuumiza, wewe kumrudishia lile lile ni kumwambia kwamba posta wanasema kweli na yeye anasema uongo, hata kama hukukusudia hivyo. Kuanzia hapo anaacha kutafuta mzigo anaanza kujitetea, na mtu anayejitetea hafungui droo wala haulizi majirani. La pili ni la huruma, "usijali dada nakurudishia hela sasa hivi", na hili nalo linaharibu, maana mizigo mingi ya namna hii bado ipo, ipo mita chache tu kutoka mlangoni kwa mteja, na ukisharudisha hela hakuna tena mwenye sababu ya kuutafuta. Ukija kuonekana wiki ijayo mteja mwaminifu anapata aibu, anakuandikia samahani nyingi, halafu unakuta harudi tena kununua kwa sababu ya ile aibu.

Kabla ya kujibu chochote, fungua ukurasa wa kutraki usome mstari mzima. Watu wengi wanaishia kwenye "Delivered" hawasomi kinachofuata, na kinachofuata ndo chenye habari. Posta ya Marekani haiandiki umefika tu, inaandika umefikia wapi. "Delivered, In/At Mailbox" maana yake umewekwa kwenye boksi la barua au pembeni yake. "Delivered, Front Door/Porch" umeachwa mlangoni au barazani. "Delivered, Front Desk/Reception/Mail Room" upo mapokezi au chumba cha barua cha jengo, na hapo inawezekana kuna mfanyakazi ameupokea akauweka rafuni mpaka mwenyewe aje kuuliza. "Delivered, Left with Individual" amekabidhiwa mtu mkononi, kwa hiyo swali lako kwa mteja linakuwa jingine kabisa, nani alikuwa nyumbani siku ile. Na kuna "Delivered, Parcel Locker" ambayo nitaieleza kwa kirefu chini kwa sababu ndiyo inayowasumbua sana watu wetu.

Na huo mstari unatoka wapi? Mgawa barua anatembea na kifaa cha kuskani, akifika anaskani lebo, anachagua kwenye kifaa ameuacha wapi, na kifaa kinaandika saa na pia GPS ya pale aliposimama. Basi. Hakuna anayethibitisha kwamba mteja ameushika. Kwa hiyo "Delivered" ni habari ya skana, inakuambia skana ilikuwa wapi saa ngapi na mwenye skana alibonyeza nini, haikuambii mikono ya nani imeuchukua baada ya hapo. Ukishalielewa hili kweli kweli hata sauti ya jibu lako inabadilika, maana unaona kwamba posta inaweza kuwa sahihi na mteja akawa sahihi kwa wakati mmoja, wote wawili wanasema walichokiona, na kazi yako ni kujua nini kimetokea kati ya skana na mlango wa mteja.

Nitoe mfano mmoja nilioupitia, niuelezee wote. Kuna mama mmoja wa Tanga anaishi Texas, kwenye apatimenti, pamoja na mwanawe na wajukuu. Aliagiza doti 3 za kanga na kitenge yadi 6, jumla dola 86 na usafiri wake, kwa ajili ya harusi ya ndugu yake. Jumamosi usiku akaniandikia: "Mwanangu mzigo wangu sijaupata na mjukuu anasema kwenye simu wameandika umefika. Harusi ni Jumamosi ijayo. Sasa mimi nitavaa nini." Nikafungua kutraki, nikakuta "Delivered, Parcel Locker", 2:41 pm, siku ile ile ya Jumamosi, mji sawa, zip kodi sawa. Nikafungua na lebo niliyoprinti nikalinganisha na anwani ya oda, herufi kwa herufi, mpaka namba ya apatimenti. Hiyo hatua usiiruke hata kama una uhakika, kwa sababu namba ya apatimenti ikikosekana mzigo unaweza kuishia ofisi ya apatimenti au kwa jirani, na mteja hawezi kuligundua hilo kwa upande wake, wewe tu ndo una lebo.

Jibu nililomwandikia ni hili:

"Shikamoo mama. Pole sana, najua harusi imekaribia. Nimeangalia sasa hivi, posta wameandika mzigo umewekwa kwenye loka leo saa 8:41 mchana. Loka ni yale maboksi makubwa yenye kufuli, yapo pamoja na maboksi ya barua hapo kwenu. Wakiweka mzigo humo wanaacha ufunguo mdogo wenye namba ndani ya boksi lako la barua, unaweza kuwa katikati ya barua na matangazo. Naomba uulize hapo nyumbani nani alitoa barua leo na kama ameona ufunguo kama huo. Nakutumia picha ya anwani niliyoandika, niambie kama namba ya apatimenti iko sawa. Kesho Jumapili posta wamefunga. Jumatatu asubuhi nitapiga simu mwenyewe kwenye posta ya mtaa wenu, na kabla ya saa 6 mchana za huko Texas nitakuandikia walichosema. Ukiwa hujaonekana mpaka Jumanne jioni nitakuambia tunafanyaje ili harusi isikukute huna nguo."

Nikamrekodia na voisi noti yenye maneno hayo hayo, kwa sababu yule mama anapenda kusikia kuliko kusoma, lakini maandishi nayo nilituma. Yanabaki kama kumbukumbu ya nini kilisemwa siku gani, na kesi ikija kufunguliwa PayPal utaulizwa mlizungumza nini, sauti huwezi kuiambatanisha vizuri kama maandishi.

Angalieni kilichomo na kisichokuwemo. Hakuna "una uhakika?", hilo swali linachoma hata ukiliandika kwa upole. Hakuna "kwangu inaonyesha". Nimesema posta wameandika, yaani maneno ni ya posta, mimi nimesimama upande wa kutafuta. Saa nimeigeuza kuwa ya Kiswahili, maana ukimtumia mama wa watu 2:41 ilivyo anaweza kuisoma saa mbili asubuhi au saa mbili usiku, halafu anaanza kuulizia mtu asiye sahihi ndani ya nyumba. Sikumwambia "angalia vizuri", nimemwambia kitu kimoja cha kuangalia, ufunguo mdogo wenye namba, na swali la kuuliza, nani alitoa barua. Mtu aliyechanganyikiwa ukimpa maelekezo saba hafanyi hata moja.

Na ile ahadi ya mwisho, iangalie vizuri. Sijamuahidi hela wala mzigo mwingine. Nimemuahidi siku, Jumatatu kabla ya saa 6 atapata habari, Jumanne jioni atapata uamuzi. Mteja ambaye mzigo wake haujulikani ulipo anateseka zaidi na kutojua anasubiri mpaka lini, na mtu asiyejua anasubiri mpaka lini ndiye anayefungua kesi saa tano usiku. Ukimpa siku analala. Lakini ukishaipa siku lazima uitimize hata kama huna jipya, unaandika "nimepiga, hawajanijibu bado, napiga tena mchana", hiyo nayo ni habari.

Sasa hili la loka. Kwetu tumezoea sanduku la posta, S.L.P., unaenda mwenyewe posta na ufunguo wako unachukua kilichopo, au mzigo unakuja na basi unapigiwa simu ukachukue ofisini kwao. Mtu akihamia huku akapewa apatimenti anapewa ufunguo mmoja wa boksi la barua, na sijawahi kukutana na mtu ambaye siku ile alielezwa habari za loka. Kwenye ule ukuta wa maboksi kuna mawili matatu makubwa ambayo si ya mtu yeyote, ni ya kila mtu kwa zamu. Mzigo usipoenea kwenye boksi lako mgawa barua anauweka kwenye mojawapo, anafunga, na ufunguo wa hilo boksi anauangusha ndani ya boksi lako dogo. Unafungua loka yenye namba hiyo, unachukua mzigo, ufunguo mara nyingi unabaki umenasa pale pale kwenye kufuli mpaka mgawa barua aje autoe. Asiyejua hayo anaona ufunguo wa ajabu katikati ya makaratasi ya matangazo ya pizza, anadhani umepotea wa jirani, anaweka pembeni, au mbaya zaidi unaenda na matangazo kwenye taka.

Jumapili yule mama akanijibu kwamba anwani ni sawa lakini ufunguo hakuna, mwanawe anasema hakuona. Jumatatu nikapiga simu. Hapa kuna kitu wauzaji wengi hawakijui, namba kubwa ya huduma kwa wateja ya nchi nzima haikusaidii sana kwa tatizo hili, inakusomea kile kile unachokiona kwenye simu yako. Unayemtaka ni posta ya mtaa inayogawa barua kwenye anwani ya mteja, unaitafuta kwa zip kodi kwenye tovuti yao. Ukipata mtu omba supavaiza wa wagawaji, mpe namba ya kutraki, mwombe aangalie GPS ya skani ya "Delivered" imeangukia wapi. Wanaweza kuiona, na wanaweza kumuuliza mgawa barua wa njia ile, ndo maana ni vizuri kuwahi, leo anakumbuka alichofanya Jumamosi, baada ya wiki mbili hakumbuki. Mteja naye anaweza kwenda mwenyewe na kitambulisho, na kama anaenda aende asubuhi mapema kabla wagawaji hawajatoka na magari.

Lakini ujue mipaka ya hiyo GPS. Kwenye nyumba zilizo mbali mbali inasaidia sana, ikiangukia mtaa wa pili basi mmeshajua. Kwenye apatimenti inakuambia tu kwamba alisimama kwenye ukuta wa maboksi, haiwezi kukuambia aliweka boksi lipi wala ufunguo aliuangusha kwenye boksi la nani, na maboksi yamebanana. Kwa hiyo supavaiza akisema "GPS iko sawa" usikimbilie kwa mteja na kumwambia posta wamethibitisha. Wamethibitisha jengo. Swali linalofuata, na nililiuliza, ni kama mgawa barua akipita leo anaweza kuangalia kuna loka imefungwa tangu Jumamosi na ufunguo wake haujarudi. Yule bwana akasema atamwambia.

Nikamwandikia mama: "Mama nimeongea nao. Mgawa barua alifika kwenye maboksi ya hapo kwenu Jumamosi, hilo wana uhakika. Nimewaomba waangalie kama kuna loka bado imefungwa. Naomba mara moja zaidi, uliza na watoto, si watu wazima tu, ufunguo ni mdogo una kibao cha namba." Jioni akanipigia. Mjukuu wa miaka tisa ndiye aliyekuwa ametumwa kutoa barua, aliona ufunguo, akauweka kwenye bakuli la funguo jikoni kama alivyofundishwa kufanya na kila ufunguo anaouona, na hakuna aliyemuuliza yeye. Wakashuka wote, loka namba ile, kitenge kikatoka.

Sasa tuseme haukuonekana, maana siku nyingine hauonekani kweli. Kwanza kuna mizigo inayoskaniwa kabla haijafika, imepigwa skani ya kufika lakini bado ipo kwenye gari, inatokea kesho yake au keshokutwa. Kwa hiyo ile siku moja au mbili za kazi unazoomba mwanzoni zina sababu, mwambie mteja sababu yenyewe badala ya kumwambia "subiri". Zikipita hizo, unaweza kufungua ombi la kutafuta mzigo kwenye tovuti ya posta, wanaliita Missing Mail, linakubaliwa kuanzia siku ya 7 tangu ulipotuma. Jaza maelezo ya kilichomo ndani, rangi, maandishi ya kanga, kwa sababu mizigo iliyovuliwa lebo inapelekwa kwenye kituo chao cha Atlanta na kule wanalinganisha kilichomo na maelezo yako, na ukiandika "nguo" tu hujawaambia kitu. Kanga yenye jina lake limeandikwa ni rahisi kutambulika kuliko blauzi.

Halafu bima. Mizigo ya kawaida ya Ground Advantage na ya Priority Mail inakuja na bima mpaka dola 100, na madai ya kupotea yanafunguliwa kati ya siku ya 15 na siku ya 60 tangu kutuma. Wauzaji wengi wanaiegemea hii wakati wanamjibu mteja, "usijali kuna bima". Usiandike hivyo. Bima ni ya mzigo uliopotea au kuharibika mikononi mwa posta, na ukishakuwa na skani ya "Delivered" kwa hesabu zao haukupotea, madai kwa kawaida yanakataliwa. Ukimuahidi mteja bima halafu ikakataliwa unakuwa umemsubirisha mwezi mzima bure, na wewe ndiye uliyemwambia. Bima ni jambo kati yako na posta, mteja hahusiki nalo.

Kwa hiyo nani analipa? Kama hela iliingia PayPal kama malipo ya bidhaa, si kama hela ya kumtumia ndugu, mnunuzi ana siku 180 za kufungua malalamiko, na akishafungua mna siku 20 za kuongea wenyewe kabla hajayapeleka juu yakawa dai rasmi. Muuzaji analindwa akiwa na ushahidi kwamba mzigo ulifika kwenye anwani iliyopo kwenye muamala, na kuanzia dola 750 anatakiwa awe na sahihi ya aliyepokea. Soma tena hapo, anwani iliyopo kwenye muamala. Biashara yetu ya WhatsApp inavunjikia hapa kila siku, mteja amelipa na anwani moja halafu anakuandikia "nitumie kwa mdogo wangu Dallas", unatuma Dallas, ukija na ushahidi wako wa "Delivered" haukusaidii chochote kwa sababu si ile anwani. Mteja akitaka kubadili anwani mimi narudisha hela, naomba alipe upya na anwani mpya. Inachukua dakika chache, wengine wananuna, lakini nashikilia hapo.

Ila kulindwa na PayPal sio jibu la kumpa mteja, na hapa kila muuzaji ana msimamo wake, wangu ni huu. Kama GPS imeangukia kwingine, au lebo ina kasoro, nalipa siku ile ile, sisubiri posta waniambie chochote. Kama GPS iko sawa na mzigo hauonekani, ina maana kuna uwezekano mkubwa umeibiwa mlangoni au kwenye maboksi, mteja hana kosa na mimi sina kosa, na kwa mara ya kwanza nabeba mimi, namtumia mwingine kwa huduma ya kusaini. Namwandikia hivi:

"Dada, nimefuatilia mpaka mwisho. Posta wanaonyesha uliachwa kwako lakini wewe hukuupata na mimi nakuamini. Nakutumia kanga zile zile kesho, safari hii lazima mtu asaini, kwa hiyo niambie siku gani kuna mtu nyumbani, au kama unapenda tuelekeze kazini kwako tubadili anwani kwanza. Naomba pia uripoti wizi wa barua kwenye tovuti ya wapelelezi wa posta, uspis.gov, kwa sababu kama wanaiba hapo kwenu hautakuwa mzigo wako peke yake. Namba ya kutraki ninakuwekea hapa."

Kuna wauzaji wanatumia hilo la kuripoti kama mtego, wanaamini muongo ataogopa kwa sababu wizi wa barua ni kosa la serikali kuu huku. Sipendi. Ukiliandika kama mtego mteja mkweli analisikia, sisi Waswahili tunasikia sauti ndani ya maandishi. Liandike kwa sababu ni kweli lina faida, wapelelezi wanaangalia mitaa ambayo malalamiko yanarundikana, na kwa mtu mkweli lina uzito wa kumwonyesha kwamba umelichukulia jambo lake kwa uzito.

Kabla hujatuma wa pili, ingia PayPal uangalie kama mteja ameshafungua malalamiko. Akiwa amefungua na wewe ukatuma mzigo mpya kwa makubaliano ya WhatsApp tu, unaweza kujikuta mzigo umeenda na hela imerudi. Jibu ndani ya yale malalamiko, weka namba mpya ya kutraki humo humo, na umuombe kwa adabu ayafunge ukimfikia, akielewa kwamba yakishafungwa hayafunguki tena, kwa hiyo asiyafunge kabla hajaushika mkononi. Hilo la mwisho ni haki yake, mwambie hata kama halikupendezi.

Na ikitokea mara ya pili, anwani ile ile, GPS sawa tena? Hapo nasema hapana, na hapana nayo ina namna yake ya kuandikwa. "Dada, huu ni mzigo wa pili kupotea kwenye anwani hii na posta wanaonyesha yote miwili ilifika hapo. Sina uwezo wa kutuma wa tatu kwa gharama yangu. Ninachoweza ni kukupa karatasi zote nilizonazo za posta ili uripoti, na oda yoyote ijayo niitume kwa kusaini au uchukue mwenyewe posta kwa kitambulisho." Hakuna tuhuma humo. Sijui nani kachukua, na nisichokijua siandiki. Inawezekana kabisa kuna mwizi mmoja kwenye lile jengo anayewaibia wote, na huyu dada anaumia kuliko mimi.

Kwa wanaouza Dar au Nairobi, kutraki kwenu mara nyingi ni meseji ya simu tu kwamba mzigo umekabidhiwa, lakini ukitazama tatizo ni lile lile, bodaboda kabonyeza, kaachia mlinzi getini au duka la chini, mteja yuko ghorofa ya tatu hana habari. Usimuulize bodaboda "umefikisha?", atasema ndiyo na ni kweli. Muulize alimkabidhi nani, mwanamke au mwanaume, alikuwa amekaa wapi, na alipiga namba ipi ya simu. Majibu hayo ndo unampelekea mteja, "kamwachia mlinzi wa zamu ya mchana, kijana mwenye kofia", na mteja anajua moja kwa moja pa kwenda.

Tangu ile ya mama wa Texas, meseji ninayotuma siku mzigo unapotoka nimeirefusha. Zamani ilikuwa namba ya kutraki peke yake, siku hizi inaenda hivi: "Mzigo wako umetoka leo, namba ni hii. Siku ukifika fungua boksi la barua siku hiyo hiyo. Ukikuta ufunguo mdogo wenye namba usiutupe, ni wa loka, mzigo wako uko humo. Kama anayetoa barua nyumbani ni mtoto, mwonyeshe na yeye hii meseji." Anayekaa nyumba ya peke yake namwondolea hilo la loka, namwuliza badala yake kama anataka uachwe barazani au ushikiliwe posta akauchukue, na jibu lake naliweka pamoja na oda.